Prompti imeharibika na hakuna anayejua nani aligusa nini: mnatunzaje historia ya mabadiliko?

MfumaKodi
Wakuu, habari za kazi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, naomba mnisaidie kulitoa.

Tuna mfumo unaosoma jumbe za wateja na kuzipanga katika makundi matano: MALIPO, USAFIRISHAJI, HITILAFU, AKAUNTI na MENGINEYO. Kila kundi lina watu wake wa kujibu. MENGINEYO inaangukia kwa mwenzetu mmoja anayesoma moja moja kwa macho. Wiki iliyopita akaja mezani kwangu amenuna: "Mbona siku hizi mnanimwagia kila kitu?" Nikahesabu. Zamani katika kila jumbe 100, saba hivi ndizo zilikuwa zinaenda kwake. Sasa ni 18.

Kodi haijaguswa. Prompti ndiyo inayoguswa. Inakaa kwenye safu moja ya hifadhidata, unaihariri kupitia ukurasa wa usimamizi, ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi ile ya zamani imekwenda na maji. Watatu tuna ruhusa. Nimewauliza wenzangu, kila mmoja kasema "mimi nilirekebisha vitu vidogo tu." Na mimi, kusema ukweli, nilirekebisha vitu vidogo tu.

Nitajuaje kama ni prompti au ni modeli yenyewe? Na ninyi mnazitunzaje?

Jembe_Kuukuu
Weka kwenye Git, weka `temperature` iwe 0, piga `git bisect`. Dakika kumi umemjua mchawi. Uzi umefungwa.

Sungura_Mweusi
Mkuu, prompti inakaa kwenye `.bashrc`, tafuta mstari wa `PS1`. Ukiiharibu fungua terminali nyingine, nakili ile ya mfumo, imeisha hiyo. Ila sijaelewa wateja wanaingiaje hapo.

MfumaKodi
@Sungura_Mweusi hahaha, siyo hiyo mkuu. Ni maelekezo tunayoiandikia modeli ya lugha. Ila asante, `PS1` yangu nayo ina shida zake.

@Jembe_Kuukuu sawa kaka, lakini Git itanionyeshaje mabadiliko ya miezi miwili iliyopita wakati nitaanza kuitumia leo?

Bi_Mizani
MfumaKodi, kabla ya kutafuta mchawi hakikisha kwanza kuna maiti. Makundi kubadilika uwiano kunaweza kutokana na mambo matatu tofauti: mmehariri prompti, modeli imebadilika chini yenu, au wateja wenyewe wameanza kuandika vitu vingine. Kwenye grafu yote matatu yana sura ileile.

Jaribio la kuyatenganisha ni rahisi. Chukua prompti ya zamani, ya wakati mambo yalikuwa mazuri, uiendeshe LEO, kwa modeli ya leo, juu ya jumbe zilezile utakazoipa prompti ya sasa. Zote mbili zikifanya vibaya, mabadiliko yenu hayana hatia, katafuteni kwingine. Ya zamani ikifanya vizuri na ya sasa vibaya kwa jumbe zilezile, hapo umeshika mkia wa kitu.

Sasa ya zamani utaipata wapi? Je, mnaandika logi ya kila ombi linaloenda kwenye modeli? Sizungumzii jibu tu, nazungumzia ombi zima, pamoja na matini ya maelekezo.

MfumaKodi
Dada, ngoja niangalie.

MfumaKodi
Ipo! Aliyeanzisha mfumo aliweka logi ya ombi lote, sijui kwa nini, wala hayupo tena nimuulize. Kuna siku nililalamika kwamba inajaza diski. Namwomba msamaha kimyakimya.

Bi_Mizani
Basi historia yako haijapotea, imetawanyika tu. Fanya hivi: toa sehemu ya maelekezo peke yake, ondoa ujumbe wa mteja, upige heshi. Panga kwa heshi, kisha kwa kila heshi chukua tarehe ilipoonekana mara ya kwanza. Kila heshi ni toleo moja. Ziandike kwenye faili moja kwa mfuatano wa tarehe, komiti moja kwa kila toleo:

```
cp matoleo/04.md prompti/ainisha.md
git add prompti/ainisha.md
git commit --date="2 weeks ago" -m "toleo 4, kutoka kwenye logi"
git tag toleo-4
```

Hiyo tarehe badilisha uweke ile ya kwenye logi. Sababu za mabadiliko hutazipata tena, hizo zimekwenda na vichwa vya watu. Lakini matini utakuwa nayo.

Na angalia heshi zisiwe nyingi kupita kiasi. Ukipata 4,000, ina maana ndani ya maelekezo kuna kitu kinachobadilika kila ombi, kama tarehe ya leo au jina la mteja. Kiondoe kwanza uweke alama ya nafasi yake.

MfumaKodi
Matoleo 9. Nilidhani ningekuta matatu. (Mwanzoni yalikuja 61, kweli tarehe ya siku ilikuwa ndani.)

Jembe_Kuukuu
Haya, sasa si ndiyo `bisect` niliyosema mapema?

```
git bisect start toleo-9 toleo-1
git bisect run python pima.py
```

Matoleo tisa ni hatua tatu tu. Msizungushe kijana wa watu.

Bi_Mizani
Jembe, zana ni sahihi, ila hapo ulipoiweka ina mashimo, na mimi nimetumbukia ndani yake yote.

La kwanza ni `pima.py` na jumbe zako za majaribio. Zikiwa ndani ya repo hiyohiyo, `bisect` ikirudi kwenye toleo la 4 inazirudisha nazo, au zinatoweka kabisa kwa sababu wakati huo hazikuwepo. Ziweke nje ya repo.

La pili limeniponza usiku mzima. `bisect run` inasoma namba ya kutokea ya skripti: 0 ni nzuri, 125 ni "ruka, sijui", na kuanzia 1 hadi 127 ukiondoa hiyo 125 ni mbaya. Sasa skripti ya Python ikianguka kwa sababu mtandao umekatika, inatoka na 1. Yaani mtandao ukipepesa mara moja tu, toleo lisilo na kosa linahukumiwa, na utafutaji mzima unageukia nusu isiyo yake. Nilimlaumu mwenzangu kwa mstari ambao haukuwa na tatizo lolote. Shika hitilafu zote za mtandao, utoke na 125.

La tatu ndilo kubwa. `bisect` inaamini kila jibu unaloipa, na inaamini kuna mpaka mmoja kati ya uzuri na ubaya. Modeli haijibu sawasawa kila mara hata ukiweka `temperature` 0. Na ubora unaweza kushuka mara mbili, sehemu mbili. Kwa matoleo tisa usitafute kwa kukata nusu, pima yote tisa uone ngazi nzima.

Jembe_Kuukuu
Hapo kwenye 0 kujibu tofauti sikubali. Sifuri ni sifuri.

Bi_Mizani
Tuma ombi lilelile mara 50 uhesabu, kaka. Seva inachakata maombi ya watu wengi pamoja, na mpangilio wa hesabu za desimali unabadilika kulingana na nani yuko nawe kwenye kundi hilo. Maneno mawili yakikaribiana sana kwa uwezekano, tofauti ndogo kabisa inatosha kugeuza lipi lichaguliwe. Mara nyingi hutaona kitu. Kwenye jumbe za mpakani utaona.

Zamu_ya_Usiku
Naongeza kisa changu, maana mnaongea kama prompti ndiyo mshukiwa wa kila siku. Sisi tulitafuta kosa kwenye prompti siku tatu. Tulirudisha toleo la mwezi uliopita, bado mbaya. La miezi mitatu iliyopita, bado. Mwishowe tukagundua kwamba kwenye usanidi tulikuwa tunaita modeli kwa jina la jumla, lile linaloelekezwa kwenye toleo jipya kila mtengenezaji anapotaka. Jina halikubadilika, kilichokuwa nyuma yake kilibadilika.

Tangu hapo jina la modeli lenye tarehe yake, `temperature`, kikomo cha tokeni na matini ya prompti vyote vinakaa faili moja, vinaenda komiti moja. Prompti peke yake kwenye Git ni nusu ya ushahidi.

MfumaKodi
Nimeangalia, sisi tunatumia jina lenye tarehe na halijabadilika. Hapo nimepona kwa bahati.

Sasa matokeo. Nilichukua jumbe 120, nusu za kabla na nusu za baada ya malalamiko, nikaziwekea makundi mwenyewe kwa mkono (jioni mbili, macho yameuma). Kila ujumbe mara tatu kwa kila toleo, nikachukua jibu la wengi. Maombi 3,240 kwa jumla. Alizopata kila toleo kati ya 120:

```
toleo  1    2    3    4    5    6    7    8    9
sahihi 108  107  109  109  110  109  94   95   94
```

Toleo la 1 linafanya kazi vizuri leo. Kwa hiyo siyo modeli. Na toleo la 7 ndipo sakafu ilipopasuka.

Kibaya zaidi, toleo la 7 ni langu. Nilikuwa "nasafisha lugha". Mistari 31 imebadilika.

Jembe_Kuukuu
Rudisha toleo la 6, nenda kalale.

Bi_Mizani
Arudishe, ndiyo, wateja wasisubiri. Lakini asilale bado. Kwenye mistari 31 mmoja au miwili ndiyo yenye sumu, na huenda mingine ina faida.

MfumaKodi, usitazame jumla. Nipe orodha ya jumbe zilizogeuka kati ya 6 na 7, zile zilizokuwa sahihi zikawa makosa na zile zilizokwenda kinyume. Jumla inaficha mengi. Toleo la 2 na la 3 zimepishana kwa mbili tu, hizo nisingezihangaikia, hata toleo moja ukilipima tena unaweza kupata hivyo. Lakini 15 kwa mpigo siyo kelele, na majina ya zilizogeuka yatakuambia sababu.

MfumaKodi
Zilizoharibika 17, zilizopona 2. Nimezisoma zote 17. Kumi na nne ni za aina moja: mteja anaongelea mambo mawili ndani ya ujumbe mmoja. Mfano: "Nimekatwa hela mara mbili na mzigo wenyewe haujafika." Zamani ilikuwa MALIPO, sasa ni MENGINEYO. Zote 14 zimeenda MENGINEYO.

Nikaenda kuangalia nilichofuta. Kulikuwa na mifano sita chini ya prompti. Mmoja ulikuwa hivi:

```
- Ujumbe: "Mmenikata mara mbili halafu mzigo haujaja"
- Kundi: MALIPO
```

Niliufuta kwa sababu ulinikera. Niliona una mambo mawili, hauko safi, nikasema utaichanganya modeli. Nimejikuta nacheka peke yangu.

Mama_Kamusi
Mwanangu usijilaumu, mimi ningeufuta pia. Mfano uliokaa vibaya mara nyingi ndio pekee unaobeba kesi ngumu.

Bi_Mizani
Hapo umefika karibu. Lakini kwa nini modeli ilikimbilia MENGINEYO na siyo USAFIRISHAJI? Kufuta mfano kungeifanya ikosee kwa kuchagua kundi lingine kati ya yale mawili. Kuna kitu kinachoivuta huko. Tafuta mstari unaoitaja MENGINEYO na uone uliingia lini:

```
git log -S "MENGINEYO" --oneline -- prompti/ainisha.md
```

Hii inaonyesha komiti ambazo idadi ya neno hilo ndani ya faili iliongezeka au kupungua. Kwa prompti ni bora kuliko kusoma tofauti zote moja moja.

MfumaKodi
Toleo la 4. Kuna mstari uliongezwa: "Kama huna uhakika, chagua MENGINEYO." Lakini dada, toleo la 4 lilipata 109! Halikushusha kitu.

Bi_Mizani
Halikushusha kwa sababu ule mfano ulikuwa unaushikilia. Sasa gawa toleo la 7 vipande. Chukua 7 urudishe mfano peke yake, upime. Kisha chukua 7 bila mfano, ila ondoa ule mstari wa "huna uhakika", upime.

MfumaKodi
7 pamoja na mfano: 108.
7 bila mfano na bila mstari: 106.

Kwa hiyo... yeyote kati ya hivyo viwili ukiugusa, tatizo linaisha?

Bi_Mizani
Ndiyo. Na hapa ndipo watu wengi wanapotoa hukumu isiyo sahihi. Historia inakuonyesha mabadiliko yaliyoangusha ukuta. Haikuambii nani alichimba msingi. Mstari wa toleo la 4 ulikuwa umekaa pale bila madhara wiki nzima, ukisubiri mtu aondoe nguzo. Ungerudisha 6 ukalala kama Jembe alivyosema, ungebaki na prompti ambayo mtu mwingine akigusa mfano huo mwezi ujao inaanguka tena.

Sasa tungejuaje mapema? Aliyeandika toleo la 4 angeacha maelezo kama haya, angalau mtu angekuwa na pa kuanzia:

```
ainisha: jumbe zisizo na maana ziende MENGINEYO

Sababu: "sawa", "asante", "??" zilikuwa zinawekwa MALIPO
Natarajia: MENGINEYO iongezeke kidogo, jumbe ndefu zisiguswe
Hatari: zenye mambo mawili; mfano wa 5 unazilinda
Kipimo: 109 -> 109, zilizogeuka: +014 +077 -031 -102
```

Mstari wa "Natarajia" ndio ninaoupenda kuliko yote. Ukiandika unachotarajia kabla ya kupima, ukaja ukakuta kingine, unajua pale pale kwamba hukuelewa ulichobadilisha. Ona alama zimebaki 109 lakini jumbe nne zimegeuka. Mtu anayeangalia jumla tu angeandika "hakuna athari".

Jembe_Kuukuu
Nakubali yaishe kuhusu kulala. Lakini ngoja, nani ataandika haya yote kwa kubadilisha neno moja? Watu watarudi kwenye "marekebisho madogo" ndani ya wiki.

Mama_Kamusi
Mimi niko upande wa wanaohariri, siyo wa kodi. Kazi yangu ni lugha. Waliponiletea Git nilikuwa sielewi naona nini: nikibadilisha neno moja, aya nzima inakuwa nyekundu na aya nzima inakuwa kijani. Nikawa naandika "maboresho" kwa sababu hata mimi sikuona nilichobadilisha.

Kilichosaidia ni kijana mmoja wa timu alipopasua prompti, kila sentensi mstari wake. Modeli haikujali, angalau kwa vipimo vyetu. Sasa nikibadilisha sentensi moja ninaona sentensi moja. Maelezo yakaanza kujiandika yenyewe.

Jingine, na hili bado linanisumbua: kihariri changu kilikuwa kinafuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari bila kuniuliza. Komiti yangu ya neno moja ikawa imegusa mistari 40.

Bi_Mizani
Dada Kamusi, hilo la sentensi ni muhimu kuliko nusu ya niliyosema. Kwa aya ambazo bado ni ndefu, `git log -p --word-diff` inaonyesha maneno yaliyobadilika badala ya mistari. Nafasi tupu ifanye komiti yake peke yake na uipime kama nyingine yoyote. Mara nyingi haina athari, lakini kwa modeli inabaki ni maandishi, usiichukulie kama kwenye kodi.

Jembe, kuhusu uvivu: sisi komiti inayogusa folda ya `prompti/` haipokelewi kama haina neno "Natarajia:". Ni skripti ya mistari mitano kwenye `commit-msg`. Watu bado wanaandika upuuzi humo, sitakudanganya. Nimeshaona "Natarajia: mazuri".

Zamu_ya_Usiku
Nyingine ndogo. MfumaKodi, ukihamishia prompti kwenye Git, ule ukurasa wa usimamizi uufunge kwa kuandika. Sisi tuliuacha wazi "kwa dharura". Mtu akarekebisha huko, faili likasema kitu kimoja na mfumo ukawa unatumia kingine. Na kila ombi lipeleke heshi ya matini iliyotumika kwenye logi. Siyo heshi ya komiti, heshi ya matini yenyewe kama ilivyopakiwa. Hiyo haidanganyi.

MfumaKodi
Nimefunga ukurasa asubuhi hii. Mwenzangu mmoja amekasirika, anasema nimemnyang'anya kalamu, kwamba alikuwa anarekebisha kwa dakika mbili na sasa anangoja mimi nimkubalie. Sina jibu zuri la kumpa.

Na bado sijaamua kuhusu mstari wa toleo la 4. Nikiutoa, 106, na zile "sawa" na "asante" zinarudi MALIPO. Nikiuacha na mfano ukirudi, 108, lakini nategemea mfano mmoja.

Jembe_Kuukuu
108 ni kubwa kuliko 106. Mjadala uko wapi?

Bi_Mizani
Tofauti ya mbili kwenye 120 ni ileile niliyosema nisingeihangaikia. Mimi ningeuandika upya mstari useme jumbe zisizo na maudhui, usitaje uhakika kabisa. "Huna uhakika" inagusa kila kitu kigumu. Halafu ongeza mfano wa pili wa mambo mawili.

Mama_Kamusi
Hapana, hayo ni mabadiliko mawili. Komiti mbili.

Bi_Mizani
Umenikamata. Mbili, na zipimwe kila moja.

MfumaKodi
Naanza na mstari. Nimeshaandika "Natarajia" yake: jumbe 14 zirudi bila kurudisha mfano wa zamani. Kipimo kinaendelea sasa hivi, nitaweka namba hapa kikimaliza.